Wamehamisha siku ya kuanza wiki, ovataimu yangu imeyeyuka

Wakuu, leo nina hasira. Niko Iowa, Marekani, nahudumia wazee kwenye kituo fulani. Shifti ni saa 12, siku saba mfululizo, Jumanne mpaka Jumatatu, kisha napumzika siku saba. Wiki ya malipo ilikuwa inaanza Jumanne, kwa hiyo saa zangu 84 zilikaa wiki moja: 40 za kawaida, 44 za ovataimu.

Wakabandika karatasi jikoni: wiki sasa inaanza Jumapili. Ratiba haijaguswa hata dakika moja! Ila Jumanne mpaka Jumamosi ni saa 60, ovataimu 20 tu. Zile 24 za Jumapili na Jumatatu zinahesabiwa wiki inayofuata, ambayo mimi nimelala nyumbani, kwa hiyo hazifiki 40. Kwa dola 20 kwa saa nilikuwa napata 2,120. Sasa ni 1,880, na mgongo unauma vilevile. Bosi anasema eti wanarahisisha hesabu. Huu si wizi?

Babu Kijiko: Acha kulia. Saa 84 gawa kwa wiki mbili ni 42. Haki yako ni ovataimu saa nne, umezidishiwa.

Mama Slipu: Hapana Babu, huku hakuna wastani. Kila wiki inasimama peke yake.

Mleta uzi, mimi naandaa mishahara huku huku. Sheria ya shirikisho inasema wiki ni saa 168 mfululizo, na mwajiri anachagua zianze siku na saa yoyote. Kuhamisha anaruhusiwa pia, mradi iwe ya kudumu na isiwe hila ya kukwepa ovataimu.

Mleta uzi: Si ndiyo hila yenyewe hiyo?

Mama Slipu: Ungedhani hivyo. Lakini kuna kesi ya Abshire dhidi ya Redland, 2012. Wafanyakazi wa visima vya gesi Arkansas, ratiba kama yako kabisa, Jumanne mpaka Jumatatu, wiki ikahamishiwa Jumapili. Mahakama ya rufaa ikasema kupunguza gharama si kukwepa sheria. Na mahakama hiyo ndiyo ya rufaa za Iowa pia. Mimi naona walikosea, ila ndiyo hukumu.

Dada wa Fresno: Huku Kalifonia ovataimu inaanza ukipita saa nane kwa siku. Njoo huku, japo kodi ya nyumba itakumaliza.

Mama Slipu: Angalia slipu ya mzunguko wa mabadiliko. Kama Jumapili ile ya kwanza ulikuwa kazini, Jumapili na Jumatatu zimo wiki ya zamani na mpya pia. Lazima wapige hesabu zote mbili, walipe iliyo kubwa. Yaani ovataimu 44.

Mleta uzi: Nilikuwa kazini. Slipu ninayo hapa, imeandikwa 20! Kesho asubuhi nipo mlangoni kwao.

Babu Kijiko: Bado nasema 42.