Excel: Top 10% imenipa wafugaji watatu badala ya watano, na jumla nayo imepakwa rangi

KatibuMaziwa (Njombe)
Habari za jioni wakuu. Mimi ni katibu wa chama kidogo cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Nina orodha ya wafugaji 47, lita za mwezi ziko safu ya C, mstari wa 2 hadi 48. Mstari wa 49 ni jumla, lita 5,640. Mwenyekiti anataka walioongoza wapakwe nyekundu na waliovuka wastani wapakwe kijani, maana kuna posho.

Nilibofya herufi C juu, nikaenda Conditional Formatting, Top/Bottom Rules, Top 10%. Zikapakwa seli nne: jumla, 262, 240 na 231. Kisha nikaweka Above Average kwa kijani, mambo yakaharibika zaidi. Jumla, 262 na 240 zikageuka kijani, 231 peke yake ikabaki nyekundu. Nimekosea wapi?

Chuma_cha_Reli
Asilimia kumi ni ya lita, ndugu. Chukua 5,640, kumi yake ni 564. Hakuna mfugaji aliyefikisha hapo, ndiyo maana inakuchanganya.

Bi_Mahesabu
Hapana Chuma, Top 10% haiangalii lita, inahesabu vichwa. Katibu, ulipobofya C ulikamata na jumla, kwa hiyo Excel imeona namba 48. Kumi ya 48 ni 4.8, yenyewe hukata desimali, inabaki 4. Nafasi ya kwanza kachukua "mfugaji" anayeitwa Jumla, wakabaki watatu.

Wastani ndio umeumia zaidi. Wa kweli ni 5,640 kwa 47, yaani 120. Ukiingiza jumla, unagawa 11,280 kwa 48, unapata 235. Mwenye lita 231 kaonekana yuko chini ya wastani!

Usifute kitu. Nenda Conditional Formatting, Manage Rules, hapo juu chagua This Worksheet. Kwenye Applies to ya kila kanuni andika:

```
=$C$2:$C$48
```

Kuhusu rangi kugeuka: kanuni mpya hukaa juu ya ya zamani, na zikigombania rangi ya seli moja, ya juu ndiyo hushinda. Humo humo bofya Top 10% uipandishe kwa mshale.

KatibuMaziwa
Dada ubarikiwe. Jumla imeachwa nyeupe, na wekundu sasa ni wanne, ameongezeka wa 218. Ila mwenyekiti alisema watano. Wa tano ana 214.

Bi_Mahesabu
Kumi ya 47 ni 4.7, bado inakatwa kuwa 4. Kama kikao kilisema watano, tumia Top 10 Items, ile 10 ibadilishe iwe 5. Angalizo: wa tano na wa sita wakilingana lita, watapakwa wote wawili, utakuwa na wekundu sita. Excel haichagui nani apewe.

Mwalimu_Kidato
Mimi ninayo ya matokeo. Nilikamata Hisabati, Kiswahili na Jiografia kwa pamoja, nikaweka Above Average. Kiswahili karibu chote kijani, Hisabati wawili tu. Hii nayo ni jumla?

Bi_Mahesabu
Hapana mwalimu, hapo umechanganya masomo yote kwenye chungu kimoja, wastani ukawa mmoja. Kamata safu moja moja, kila moja ipate kanuni yake.

Mtoto_wa_Makambako
Katibu, kuna ng'ombe waliokauka? Ukiandika 0, inahesabiwa kwenye wastani. Seli tupu haihesabiwi.

KatibuMaziwa
Wapo saba wenye 0. Sasa waliovuka wastani ni 21.

Mtoto_wa_Makambako
Basi zifute, 5,640 ugawe kwa 40, wastani unapanda kuwa 141.

Bi_Mahesabu
Kuzifuta kunafanya kazi, lakini 0 ni kumbukumbu, mkaguzi atauliza. Afadhali uondoe kanuni ya Above Average, ukamate C2 hadi C48 ukianzia C2, New Rule, Use a formula to determine which cells to format:

```
=C2>AVERAGEIF($C$2:$C$48,">0")
```

Ikishaingia, rudi Manage Rules uirudishe nyekundu juu.

KatibuMaziwa
Nimejaribu, kijani wamebaki 15. Sita wamekosa posho kwa sababu ya ng'ombe wa wenzao waliokauka.

Chuma_cha_Reli
Hao sita wamekosa kwa sababu hawakufikisha. Mfugaji asiyeleta tone anaingiaje kwenye wastani?

Mtoto_wa_Makambako
Ni mwanachama, analipa ada. Angekuwa mzee wako usingesema hivyo.

KatibuMaziwa
Nitachapisha zote mbili, ya 120 na ya 141, nizipeleke kikaoni Jumamosi.