Kumbukumbu inasema hivi, mimi leo nasema vile: modeli imsikilize nani?

Rehema: Zamani niliiambia modeli ya akili bandia ninayozungumza nayo ihifadhi kwenye kumbukumbu kwamba nataka majibu yote yawe mafupi, yasizidi aya moja. Jana nimeipa mkataba wa kazi nikaomba inifafanulie kwa kirefu, kifungu kwa kifungu. Vifungu 4 vya kwanza ilivieleza vizuri. Kufika cha 5 ikarudi kwenye aya moja, na muda wa kutoa notisi ikauruka kabisa. Kati ya kumbukumbu na neno langu la jana, kipi kilipaswa kufuatwa?

Kombo: Neno la jana. Mtu akibadili mawazo amebadili, hana haja ya kuomba ruhusa kwa alichosema mwezi uliopita. Kumbukumbu inayompinga mwenyewe ni kasoro, itengenezwe.

Athumani: Hata simu yangu kumbukumbu ikijaa huanza kukatakata majibu. Futa picha za zamani, dada.

Salma: Athumani, hiyo ni nafasi ya simu, haihusiani na hili. Kombo, kwenye mambo ya mtindo niko nawe, ila tuangalie kilichotokea. Kumbukumbu ya aina hii haiko ndani ya modeli. Ni maandishi ya kawaida ambayo programu huyatanguliza mbele ya mazungumzo, na huyatanguliza upya kila unapotuma ujumbe. Modeli inasoma vyote viwili kwa pamoja, na hakuna swichi ya kuiambia hiki kimetangua kile. Imefunzwa kuupa uzito ujumbe mpya, na mara nyingi inafanya hivyo. Sasa ombi la Rehema lilisemwa mara moja, mwanzoni, halafu likafunikwa na vifungu na majibu marefu. Ile kumbukumbu haikusogea mahali pake, tena ina neno “yote”. Rehema, jaribu kurudia ombi lako kwenye kifungu cha 6. Jibu likirefuka, basi ombi lilikuwa limefifia tu. Lisiporefuka, tutafute sababu nyingine.

Kombo: Umeeleza kwa nini imekosea. Bado imekosea.

Mama Nuru: Mimi ni mfamasia, na kumbukumbu yangu inasema nipewe dozi moja kwa moja, bila maonyo. Mwanangu alitumia akaunti yangu, akaandika kabisa: “Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha 2, nieleze dawa za maumivu.” Akajibiwa kama mfamasia! Nilitetemeka niliposoma. Kwa hiyo Kombo ana haki, la kale lilishinda mahali lisipopaswa.

Salma: Hapo la leo lilitakiwa kushinda bila swali, kwa sababu alilitamka. Lakini geuza mfano. Kumbukumbu inasema nina mzio wa penisilini. Leo naandika, “Koo linauma, nipangie ratiba ya kunywa amoksilini.” Kombo, hilo ndilo neno la mwisho. Ifuate?

Kombo: Hapana, maana hukusema mzio umekwisha. Umesahau tu.

Salma: Basi kuwa jipya hakutoshi. Kuna kutengua, na kuna kutokutaja. Rehema alitengua. Wa amoksilini hakutaja, na dawa hiyo ni ya jamii ya penisilini, kwa hiyo modeli isimame kwanza na kusema: “Uliwahi kunieleza una mzio, bado upo?” Tena isiandike ratiba kabla hajajibu.

Kombo: Nikubali hilo. Je, nikisema wazi kwamba daktari amenipima na sina mzio tena?

Salma: Ifuate la leo, na ile kumbukumbu ifutwe. Ukiliacha neno lako kwenye mazungumzo tu bila kulihifadhi, kesho ukifungua mapya mzio unarudi kana kwamba hukusema kitu. Wengi wanateleza hapo: wanasahihisha kwenye mazungumzo, hawaendi kwenye mipangilio kusoma kilichohifadhiwa.

Kombo: Kwa nini modeli isifute yenyewe? Nimeshasema.

Mama Nuru: Isifute! Mwanangu naye “alisema”, kwenye akaunti yangu. Angeandika kwamba mama hana tena mzio, ifute?

Kombo: Basi kila mtu awe na akaunti yake.

Mama Nuru: Wewe unayo ya peke yako, Kombo. Wengi wetu hatuna.

Salma: Ningependa iulize kabla ya kufuta. Ila ikiuliza kwa kila jambo dogo, watu watabonyeza ndiyo bila kusoma. Mpaka uwekwe wapi, sijaona jibu la kuniridhisha.

Rehema: Nimerudi. Niliporudia ombi kwenye kifungu cha 6, jibu lilirefuka. Kisha nikabadili kumbukumbu ikawa: “Kwa kawaida napenda majibu mafupi. Nikiomba marefu, yabaki marefu hadi mwisho wa mazungumzo hayo.” Nikaanza upya na mkataba uleule. Kifungu cha 5 kimekuja kamili, notisi ni siku 30. Cha 11 kimeanza kufupika tena.