Ushuru wa viti kutoka China: anayelipa ni Mchina, mimi au mteja?

DukaLaNyegezi
Wakuu, heshima kwenu. Nina duka dogo la samani Mwanza. Nimeagiza viti 100 vya ofisi kutoka China, mara yangu ya kwanza kuagiza mwenyewe. Kiwandani kila kiti ni sawa na shilingi 45,000, na kukifikisha Dar pamoja na bima ni 15,000. Kabla mzigo haujaondoka nikamwahidi mteja mmoja (shule) viti 60 kwa 95,000 kila kimoja. Nilipiga hesabu nikaona kiti kitanisimamia kwa 83,850, faida ipo.

Jana wakala wa forodha kanitumia hesabu yake na kichwa kinauma. Ushuru ni 35%, halafu kodi ya ongezeko la thamani juu yake. Kiti kimefika 95,580, na bado sijalipa lori la kuleta Mwanza.

Maswali mawili. Wakala kanipiga? Na la pili, kila siku tunasikia kwenye habari "Marekani yaitoza China ushuru", nikajua anayetozwa ni Mchina. Mbona hapa natozwa mimi? Naweza kumwambia mwenye kiwanda abebe hata nusu?

Mzee_wa_Kijiwe
Mdogo wangu, hilo la pili ni rahisi. Ushuru wote analipa mlaji. Mfanyabiashara halipi hata senti, anapandisha bei tu. Pandisha na wewe.

DukaLaNyegezi
Mzee wangu, nimeshaahidi 95,000. Nikipandisha wanakwenda kwa mwingine.

Kaka_Bandarini
Nimefanya kazi ya kutoa mizigo miaka mingi. Wakala wako hajakupiga, wewe ndiye ulikosea mahali pawili.

Kwanza ulipiga 35% kwenye bei ya kiwandani, 45,000. Forodha hawaangalii bei hiyo peke yake, wanajumlisha bima na nauli mpaka bandarini. Kwao kiti chako ni 60,000, kwa hiyo ushuru ni 21,000, si 15,750. Bidhaa inayokula nafasi kwenye kontena kama viti inaumia sana hapo, maana unalipia ushuru hata nauli ya meli.

Pili, kodi ya ongezeko la thamani, ile 18%, nayo uliipiga kwenye 45,000, wakati haipigwi hapo wala kwenye 60,000. Inapigwa baada ya ushuru kuingia, yaani kwenye 81,000. Hiyo ni 14,580. Ushuru usingekuwepo ungelipa 10,800. Kwa hiyo ushuru haukukugharimu 21,000 tu, umekuongezea na 3,780 kwenye kodi nyingine. Jumla 24,780 kwa kiti. Hapo sijagusa tozo ndogo ndogo, ambazo naona wakala hajaziweka, muulize mapema.

Hiyo 35% si ya kwake wala si ya Tanzania peke yake. Ni viwango vya pamoja vya Afrika Mashariki. Samani nyingi zilikuwa 25% mpaka Julai 2022 zilipowekwa kwenye kundi jipya la 35%. Ila kila mwaka nchi huomba viwango vyake vya kipekee, kwa hiyo usiagize mzigo mwingine kwa kukariri kiwango cha mwaka jana.

Swali langu: umesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani? Kama umesajiliwa, ile 14,580 unaidai kwenye ritani yako. Ushuru wa forodha huwezi kuudai popote, ukilipa umelipa.

DukaLaNyegezi
Sijasajiliwa, kaka. Biashara bado ndogo.

Kaka_Bandarini
Basi yote imekukalia wewe.

MamaPajero
Samahani naingilia. Na mimi nataka kuleta gari kutoka Japani la mwaka 2012, ushuru ni huo huo 35%? Nimeambiwa kuna kikokotoo.

Kaka_Bandarini
Dada, gari ni habari nyingine, lina ushuru wa bidhaa na tozo ya uchakavu. Fungua uzi wako, hapa tutachanganyana.

Msomi_wa_Mbezi
Kuhusu Mchina kubeba. Kisheria anayedaiwa ni mwagizaji, nchi yoyote ile. Hata Marekani fomu anajaza kampuni ya Marekani iliyoagiza, habari zinafupisha tu. Lakini anayekwenda dirishani si lazima awe ndiye anayeumia. Mwenye kiwanda akiogopa kukupoteza atashusha bei, na hapo amekubebea kipande.

Marekani walipopandisha ushuru mwaka 2018, wachumi walifuatilia bei za mizigo ikifika bandarini kabla ya ushuru. Kama Wachina wangekuwa wanabeba, bei hizo zingeshuka. Kwa bidhaa nyingi hazikushuka, mzigo ukabaki kwa waagizaji na wateja wa Marekani. Chuma kilikuwa tofauti kidogo, wauzaji wa nje walishusha. Sasa wewe wa viti 100, Mchina akuogope kwa lipi? Anao wanunuzi wa kontena 50. Jaribu kuomba, ila usiiweke kwenye hesabu.

Na Mzee, "wote analipa mlaji" si kweli kila mara. Hapa shule ina bei yake mkononi, kwa hiyo viti 60 anavilipia huyu ndugu.

Mzee_wa_Kijiwe
Nakubali kwa hivyo 60. Vile 40 vya dukani je? Si atapandisha?

FundiRandaMbili
Hapo nisemee mimi ninayetengeneza. Viti vyangu vya fremu ya chuma nauza 105,000. Mnajua naipangaje bei? Naangalia cha China kinauzwaje mjini, nakaa chini yake kidogo. Ushuru ukitolewa kesho nitashuka, nisiposhuka nafunga karakana. Kwa hiyo mteja anayenunua kwangu naye anaulipa ule ushuru, ila hauendi serikalini, unabaki kwangu na vijana wangu watatu. Sioni aibu, ndiyo maana uliwekwa. Lakini bomba za chuma na magurudumu navyo vinatoka nje, navyo vina ushuru. Nipe huku, nichukue kule.

Msomi_wa_Mbezi
Fundi umesema kitu. Marekani mwaka huo huo 2018 waliweka ushuru kwenye mashine za kufulia. Za kufulia zikapanda kama 12%. Za kukaushia nguo hazikuwekewa ushuru ule, nazo zikapanda karibu sawa, kwa sababu watu hununua mbili kwa pamoja na wauzaji wakagawa mzigo. Wenye viwanda vya ndani nao wakapandisha.

PitaNjiaFupi
Mnamzungusha. Mwambie Mchina aandike kiti 20,000 kwenye ankara, kwisha habari.

Kaka_Bandarini
Usimdanganye mwenzio. Forodha wana bei za viti kama hivyo vilivyopita jana na juzi. Wakiona 20,000 wanaikataa, wanapanga thamani yao, na kontena linakaa bandarini likila gharama za kuhifadhi huku faini inakuja.

FundiRandaMbili
Wengine wanapitisha Mombasa wanasema ni mali ya Kenya.

Kaka_Bandarini
Kupita Kenya hakukifanyi kiti kiwe cha Kenya. Msamaha wa ushuru ni wa kilichotengenezwa huko na kina cheti cha uasili.

DukaLaNyegezi
Mrejesho wakuu. Mchina amegoma kushusha bei, ila amesema mzigo ujao atavituma vimefunguliwa vipandevipande ili nauli ipungue. Shule wamekataa 110,000, wamekubali 99,000 kwa masharti nipeleke mwenyewe. Ukitoa lori na tozo nilizokuwa sijui, hivyo 60 sipati kitu. Vile 40 nitaviweka 118,000.

FundiRandaMbili
118,000? Basi na mimi nitaenda 110,000.

Mzee_wa_Kijiwe
Hahaha. Na viti vikija vipandevipande, forodha watavihesabu kuwa viti au vyuma?

Kaka_Bandarini
Viti, mzee. Kikiwa kamili kwenye boksi ni kiti hata kama hakijafungwa. Kinachopungua ni nauli, na ushuru ulio juu ya nauli.