Wateja waliopotea miezi kadhaa: ofa kwa wote, simu, au meseji ya mmoja mmoja?

msusi_mtulivu: Wapendwa naombeni mawazo. Nimepitia daftari nimekuta kama wateja 40 hawajakanyaga saluni tangu miezi minne iliyopita, wengine nimewasuka miaka na nimewamisi kweli. Niwatumie wote ofa moja, niwapigie, au nimwandikie kila mtu ya kwake?

kinyozi_mkongwe: Ofa tu. Punguza asilimia 20, tuma kwa wote jioni moja, umemaliza. Mimi huwa napata watu.

dada_kucha: Unapata ndiyo, ila wengi ni wale ambao wangekuja tu hata bila ofa, na wakishazoea wanakaa kusubiri nyingine. Halafu ukitumia orodha ya matangazo ya WhatsApp, inamfikia yule tu aliyesevu namba yako, na aliyepotea huenda alishaifuta zamani.

Msusi, anza kuwachambua. Wa kila wiki tatu akipitisha wiki nane huyo kaondoka, ila wa kila miezi mitatu pengine kachelewa tu, usimwandikie kama vile kakukimbia. Kisha angalia siku yake ya mwisho ilikuwaje. Mimi kuna dada jeli yake ilibanduka siku ya nne, nikairudia bure, hakuonekana tena. Nilimwandikia hivi, nikaanza na jina lake:

"Ni mimi wa kucha. Ile jeli ya maruni iliyobanduka bado inaniuma. Nimegundua nilikuwa naacha ngozi nyembamba juu ya kucha, sasa naiondoa yote kabla ya kupaka. Ukipenda nikupake tena, nina nafasi Alhamisi saa 10 jioni au Jumamosi saa 3 asubuhi. Kama umeshapata sehemu nyingine, hamna shida, nashukuru kwa muda wote ule."

Alijibu baada ya siku mbili, akachagua Jumamosi. Sikuweka ofa kabisa. Na usianze na "mbona umetutupa", mtu anaona aibu anakaa kimya.

mkandaji: Mie niliandika "vipi ule mgongo na yale maumivu ya usiku", ikasomwa na mtu mwingine nyumbani kwake, mteja akakasirika sana. Mambo ya mwili siandiki tena, nasema tu nimemkumbuka na nina nafasi siku fulani.

kinyozi_mkongwe: Sasa 40 utaandika lini zote hizo?

dada_kucha: Tano kwa siku, asubuhi kabla ya wateja. Wakijibu wote siku moja utawaweka wapi? Asipojibu namkumbusha mara moja baada ya wiki mbili, basi, namwacha. Simu nampigia yule tu tuliyezoeana.

msusi_mtulivu: Asante dada. Ila kama kumi hivi walikuwa wa msusi aliyeondoka kwangu, nahisi wamemfuata. Hao je?

kinyozi_mkongwe: Hao wapigie, ni wateja wa saluni yako.

dada_kucha: Mimi nisingewagusa, walimpenda yeye. Labda yule uliyewahi kumsuka wewe mwenyewe hata mara moja, hapo una cha kumkumbusha.

msusi_mtulivu: Wako wawili wa hivyo. Naanza nao kesho.