Nataka kujaza mwili bila kitambi: niongeze kilo ngapi kwa mwezi, na seti ngapi?

Kijana wa Tabata
Wakuu habari za jioni. Nina miaka 29, urefu sm 174, uzito kilo 74. Nanyanyua vyuma mwaka wa tatu sasa, na si kwa kubahatisha, nina daftari. Skwati nipo kilo 100 kwa marudio 6, benchi kilo 70 kwa marudio 8. Kiuno ni sm 82 kwenye kitovu. Nakula kama kalori 2,500 kwa siku na uzito umesimama hapo muda mrefu.

Nataka nifike kilo 80 ndani ya miezi minne. Mazoezi ni siku nne kwa wiki. Kifua na mgongo napiga seti 12 kila kimoja kwa wiki, mapaja 10. Jamaa wa jimu wananiambia nikianza kula zaidi nipandishe na seti hadi 20 na kitu kila msuli. Je, niongeze vyote kwa pamoja? Na kilo 6 kwa miezi minne ni sawa au napitiliza?

Chuma Mabibo
Dogo, misuli haijengwi na njaa. Kula ushibe, chipsi mayai, ugali, wali, usihesabu hesabu. Ukiongeza kilo 2 kwa mwezi ndiyo mwili unajua kweli unajenga. Seti 20 ni za kawaida, mimi kifua napiga 24. Mafuta utayakata baadaye.

Mama Nuru
Mwanangu, kwa kitambi tumia maji ya uvuguvugu na tangawizi asubuhi, na usiku acha wali kabisa. Kwangu imesaidia.

Kijana wa Tabata
Shikamoo mama, asante. Ila mimi nataka kuongeza uzito, kitambi ndicho sitaki kije nao.

Mwalimu wa Vyuma
Kijana, umeleta namba, hapo umeturahisishia. Chuma Mabibo yuko sahihi kwamba lazima ule zaidi ya unachotumia. Anapokosea ni kudhani ukiongeza chakula mara mbili, misuli nayo inakua mara mbili. Mtu anayeanza anaweza kuvumilia kasi hiyo. Wewe wa mwaka wa tatu, mwili wako unajenga polepole, na kinachozidi hapo kinakwenda kiunoni.

Kwa mtu wa kiwango chako, kasi nzuri ni kati ya robo na nusu ya asilimia moja ya uzito wako kwa wiki. Kwa kilo 74 hiyo ni kama gramu 180 hadi 370. Kilo 6 kwa miezi minne ni gramu 350 kwa wiki, yaani umejiweka ukingoni kabisa. Ningekuwa wewe ningelenga gramu 200 hadi 250 na kuipa 80 miezi sita au saba.

Chakula: ongeza kalori 250 tu juu ya hizo 2,500. Kiganja cha karanga, kama gramu 30, na ndizi mbivu moja kubwa vinakufikisha hapo. Usibadilishe kitu kingine, ili uzito ukipanda ujue umepandishwa na nini. Protini iwe gramu 120 hadi 150 kwa siku. Dagaa wakavu, mayai, maharage na maziwa vinatosha, huhitaji kopo la unga.

Kupima ndiko wengi wanakovurugika. Pima kila asubuhi ukitoka msalani, kabla ya kunywa chochote, mizani ileile juu ya sakafu ileile. Siku moja haikwambii kitu. Ukila pilau ya harusi Jumamosi, Jumapili mizani itapanda kilo nzima, na hayo ni maji yanayoshikiliwa na chumvi pamoja na chakula kilichomo tumboni. Ukitoka jimu isiyo na kiyoyozi kwa joto hili letu, itashuka vilevile. Chukua wastani wa siku saba, ulinganishe wastani na wastani.

Seti usiziguse kwa sasa. Ukipandisha chakula na seti siku moja, mambo yakienda vibaya hutajua ulaumu kipi. Zile 12 ziwe za kweli: ukiweka chuma chini, uwe na nguvu ya marudio mengine mawili tu, si sita.

Mlinzi wa Usiku
Mwalimu, mimi nafanya kazi zamu ya usiku bandarini, nalala saa tatu asubuhi. Huo wastani nitaupata vipi?

Mwalimu wa Vyuma
Pima ukiamka, iwe saa tisa alasiri au saa ngapi. Kinachotakiwa ni hali ileile kila siku. Zamu ikibadilika, wiki hiyo ya mpito usiitegemee.

Kijana wa Tabata
Mrejesho wakuu. Nilifuata ya Mwalimu: karanga, ndizi, seti zilezile. Wastani wa kila wiki umekwenda hivi: 74.1, halafu 74.9, 75.0, 75.2, na wiki hii 75.5. Wiki ya pili niliogopa, karibu kilo nzima! Kiuno sasa 82.5. Skwati imefika marudio 8 kwa kilo 100, mgongo unapanda. Benchi ndiyo imegoma, kilo 70 kwa 8, 8, 7, wiki tatu haisogei. Nipunguze chakula? Au sasa niongeze seti?

Mwalimu wa Vyuma
Chakula usiguse. Ule mruko wa wiki ya pili ni maji yanayoingia kwenye misuli pamoja na wanga, na tumbo lenye chakula zaidi. Hesabu kuanzia hapo: kutoka 74.9 hadi 75.5 ni gramu 600 kwa wiki tatu, yaani 200 kwa wiki. Ndipo tulipotaka. Kiuno kupanda nusu sentimita ni kawaida. Kikipanda sentimita mbili na vyuma haviongezeki, hapo punguza kalori 100 au 150.

Skwati na mgongo vinapanda, kwa hiyo seti zake ziache. Kifua peke yake kiongezee seti mbili kwa wiki, zote siku ya pili ya kifua, ziwe 14. Kaa nazo wiki nne. Ila kwanza nijibu: unalala kwa muda wa saa ngapi, na viwiko au mabega yanauma? Kama usingizi ni wa saa tano tu au yanauma, seti zaidi zitakuzamisha. Hapo chukua wiki moja ya nusu ya seti, kisha urudi.

Kijana wa Tabata
Nalala kwa muda wa kama saa saba. Maumivu hakuna.

Dada Benchi
Mwalimu, hapo kwenye seti sikubaliani nawe. Anapiga marudio 8 kwa uzito uleule kila mara. Mimi ningeacha 12 zile, siku moja nishushe hadi kilo 60 kwa marudio 10 hadi 12, na siku nyingine nipige kilo 75 kwa marudio matano. Wanawake tunaofundishana huku Kinondoni benchi zetu zilizogoma zilifunguka hivyo bila seti hata moja kuongezeka.

Mwalimu wa Vyuma
Njia yako inafanya kazi, dada, sikatai. Hofu yangu ni kwamba 75 kwa marudio matano kwake ni zito mno kwa sasa, atafika mwisho seti ya kwanza. Ningeanzia 72.5.

Dada Benchi
72.5 sawa, kama jimu yao ina visahani vya kilo 1.25. Nyingi hazina.

Kijana wa Tabata
Vipo viwili, vimefichwa nyuma ya kaunta. Naanza na ya Dada kwa wiki nne, seti zikiwa 12. Isiposogea, nitaweka zile mbili za Mwalimu.