Mnaofunga imeili kwa "Wako katika ujenzi wa taifa", acheni!

KaraniMkuu
Wakuu, nimechoka. Imeili ya mstari mmoja, "Naomba jedwali la manunuzi kabla ya saa nane", inafungwa kwa "Wako katika ujenzi wa taifa". Halafu barua rasmi ya kuomba likizo, inayokwenda kwa Mkurugenzi Mtendaji kupitia mkuu wa idara, inaanza "Habari za asubuhi bosi". Mmepishanisha!

Barua inakwenda kukaa kwenye faili. Inapita masjala leo, inafika mezani kesho kutwa jioni, sasa hiyo asubuhi ni ya nani? Baada ya anwani andika "Ndugu," peke yake, chini yake "YAH: MAOMBI YA LIKIZO YA MWAKA", kisha maelezo. Funga kwa "Wako mtiifu,", acha nafasi ya sahihi ya mkono, halafu jina na cheo.

Ukiituma kwa imeili, ichapishe, itie sahihi, iskani, iambatishe. Imeili yenyewe ni bahasha tu: "Ndugu Mkuu wa Idara, naambatisha maombi yangu ya likizo ili uyapitishe kwa Mkurugenzi. Asante." Jina, basi. Mtiifu ameshakaa ndani ya barua, msimwite mara mbili.

Na hili la "Rejea kichwa cha habari hapo juu" kwenye imeili: nikiangalia juu naona "Fwd: Re: scan0003". Nirejee nini?

Mzee wa Kigamboni
"Wako mtiifu" ni utumwa wa kikoloni, tuufute kote. Imeili na barua zote ziishie "Wasalaam".

KaraniMkuu
Kwenye imeili sina ugomvi na "Wasalaam". Kwenye barua ya maombi kwa mwajiri itaonekana kama unamwandikia shemeji.

Bi Tatu
Mkuu wangu ni mwanamama. Niandike "Mpendwa Mama"?

KaraniMkuu
Hapana, dada. "Ndugu" haina jinsia. "Mpendwa" waachie wa kanisani na wachumba. Akiwa mbunge, waziri au diwani, hapo ndipo "Mheshimiwa", na uiandike yote, si "Mh".

Otis254
Huku Kenya shuleni tulifunzwa "Kwa Bwana/Bibi," halafu "MINT:" au "KUH:", na mwisho "Wako mwaminifu,". Nikituma Dodoma nibadilishe?

KaraniMkuu
Badili "MINT" iwe "YAH", wengi huku hawaijui. "Mwaminifu" haina shida.

Masjala_2
Mkuu, unakaza mno. Barua nyingi za halmashauri hazina "Ndugu" wala "mtiifu". Baada ya anwani ni "YAH:" moja kwa moja, na mwisho "Nakutakia kazi njema", sahihi, cheo.

KaraniMkuu
Hizo ni za ofisi kwa ofisi. Mimi nasema mtumishi anayeomba.

Masjala_2
Na mkuu wa idara anapoipitisha yako kwa dokezo, afunge vipi? Kwetu hilo kila mtu na lake.