Mrejesho: kamera yangu iliyoibiwa Mombasa

Niliuliza: "Nimetoka Dar, nimeibiwa begi lenye kamera Mombasa. Bima ya safari italipa yote?"

Wakuu, wamelipa, ila si yote. Kamera na lenzi nilinunua kwa shilingi 3,000,000. Mimi nilihesabu vitu viwili. Wao wakasema hiyo ni seti moja, na mkataba wangu unaishia 1,000,000 kwa kitu kimoja. Wakakata 100,000, sehemu ya hasara ambayo mkataba unataka nijibebee mwenyewe, nikabaki na 900,000. Afadhali mimi nilinyang'anywa begani. Mwenzangu aliacha lake kwenye kiti akaenda kununua maji. Wamemkatalia, eti halikuwa na mwangalizi. Karatasi ya polisi niliichukua jioni ileile, maana mkataba ulitaka ndani ya saa 24.